Salamu za siku ya kuzaliwa kwa mkubwa zisigeuke tanzia

SIKU hizi ni nadra wiki kuisha bila mtu kutakiwa heri ya kuzaliwa katika makundi ya wasapu ya ofisini, ya kanisani au ya ukoo. Anayetakiwa heri akiwa rika letu, hatusumbuki. Twaandika chochote, tunatania, tunadai keki na kutishia kummwagia maji. Shida huanza anapokuwa mkubwa wa kazi au mzee wa heshima. Hapo wengi hukwama kati ya mambo mawili. Wakiandika kwa adabu, salamu hukauka kama barua ya serikali. Wakitaka ichangamke, wanajikuta wamemzoea mkubwa kupita kiasi.

Wanaisimu Penelope Brown na Stephen Levinson, katika kitabu chao kuhusu upole katika lugha kilichotoka mwaka wa 1987, walieleza kiini cha mvutano huu. Kila mtu, wanasema, ana haja mbili: haja ya kupendwa na kukubalika, na haja ya kutoingiliwa. Uchangamfu huihudumia haja ya kwanza kwa kumsogeza mtu karibu, ilhali heshima huihudumia ya pili kwa kumwachia nafasi. Salamu kwa mkubwa hutakiwa kufanya yote mawili kwa sentensi nne au tano. Maoni yangu ni kwamba Kiswahili kinazo nyenzo za kulifanya hilo, ila hatuzitumii vizuri.

Hebu tuitazame salamu ya aina inayoonekana sana, iliyoelekezwa kwa mkurugenzi wa kike mwenye umri wa miaka arobaini na kitu:

“Hepi bathdei bosi! Nakutakia heri njema ya siku yako ya kuzaliwa. Wewe ulikuwa mama kwetu sote, kiongozi shupavu, mchapakazi na mwenye maono. Ulitufunza mengi ambayo hatutayasahau kamwe. Mungu akuongezee miaka mia mingine. Enjoi siku yako na usitusahau na keki!”

Mwandishi wa salamu hii hakukusudia ubaya. Hata hivyo, ukiisoma tena polepole, utahisi kuna kitu kinachokwaruza. Tuanze na “heri njema”. Neno heri lenyewe lina maana ya wema, baraka na mafanikio, kwa hivyo kulipachika “njema” ni kama kusema wema mwema. “Heri ya siku ya kuzaliwa” yatosha. Wapo wanaoshikilia kwamba mtu huzaliwa mara moja tu, na kwamba ni lazima tuseme “kumbukumbu ya siku ya kuzaliwa”. Kimantiki wana hoja. Lakini kumbukumbu ndilo neno hilohilo tunalolikuta magazetini juu ya picha ya marehemu aliyetutoka mwaka jana. Katika salamu ya furaha, mimi ningeliepuka.

Kosa hilo la heri njema ni dogo. Kubwa zaidi lipo katika sentensi zinazofuata, na chanzo chake ni kiambishi cha wakati. “Ulikuwa mama kwetu.” “Ulitufunza mengi.” Kiambishi -li- hulifunga jambo na kuliacha nyuma. Kinapoambatana na sifa ya mtu, humaanisha kwamba sifa hiyo imekoma, au mwenye sifa ameondoka. Ongeza “hatutayasahau kamwe”, kisha ule mlolongo wa “shupavu, mchapakazi, mwenye maono”, na unapata maneno yanayosomwa kando ya jeneza. Mkurugenzi yu hai, na kesho asubuhi atakuwa ofisini akiuliza ripoti iko wapi!

Kwa nini kosa hili limeenea? Nadhani ni kwa sababu tanzia ndiyo mahali pekee ambapo wengi wetu tumewahi kusikia mkubwa akisifiwa hadharani kwa Kiswahili rasmi. Basi tunapotaka kumsifu aliye hai, tunaazima vazi la matanga. Dawa yake ni rahisi. Tumia -me-, ambacho huonyesha kwamba matokeo ya tendo yangalipo: “umekuwa nguzo yetu”, “umetufunza mengi”. Au tumia hu- kwa jambo la mazoea: “hutusikiliza kabla ya kuamua”. Kiambishi -li- kina nafasi yake pia, mradi kitumike kwa tendo moja lililotokea siku fulani, si kwa tabia ya mtu. Ukitaka kujipima, ondoa neno “heri” mwanzoni mwa salamu yako uweke “buriani”. Ikiwa sentensi zilizobaki bado zinaleta maana, iandike upya.

Jambo la pili ni jinsi ya kumtaja mkubwa. Kifaransa kina viwakilishi viwili vya nafsi ya pili, kimoja cha mtu wa karibu na kingine cha mtu wa heshima. Katika Kiswahili sanifu, “wewe” ni yule yule kwa mtoto na kwa jaji. Kwa sababu hiyo, heshima yetu hubebwa na jina la mwito. Tena “wewe” likitamkwa waziwazi huwa na ukali, na ndiyo maana likitumiwa peke yake kumwita mtu mzima huchukuliwa kuwa utovu wa adabu. “Wewe ulikuwa” linaweza kuwa “umekuwa” tu, maana kiambishi u- kimeshaifanya kazi.

Na je, jina la mwito liwe lipi? “Bosi” si tusi, na katika ofisi nyingi za Nairobi ndilo linalotumika mdomoni kila siku. Shida yake ni kwamba makanga pia humwita abiria “bosi”, na mlinzi wa maegesho vilevile. Limechakaa, haliheshimu yeyote hasa. Katika salamu ya maandishi, cheo halisi ni bora: Bi. Mkurugenzi, Mwalimu Mkuu, Daktari, Mhandisi. “Mama” kwa upande wake huhitaji uangalifu. Kwa mwanamke aliyekuzidi umri kwa kiasi cha mzazi, ni neno la heshima na upendo. Kwa mkurugenzi wa miaka arobaini na kitu, anayeambiwa hivyo na mhasibu aliyemzidi kwa miaka miwili, linamzeesha na vilevile linamwondoa kwenye kiti chake cha kazi. “Mzee” kwa wanaume lina mtego uo huo.

La tatu ni nani anayetenda katika sentensi. “Enjoi siku yako” na “usitusahau” ni amri, moja ya kutenda na nyingine ya kukataza, zote zikielekezwa kwa mkubwa. Hata “furahia siku yako”, ambayo ni Kiswahili safi, ingali amri. Kiswahili kina njia ya kulikwepa hilo: mpe mtu mwingine au kitu kingine nafasi ya mtenda, kisha utumie hali ya dhamira. “Mola akujalie afya.” “Siku yako iwe ya furaha.” Hapo hakuna aliyeamriwa. Neno Mola, au Mungu, lina faida nyingine ya kukubalika na Mwislamu na Mkristo, ilhali si kila anayelisoma atakuwa huru na dua za dini isiyo yake.

Linabaki suala la uchangamfu, na hapa ndipo wengi hupotea. Wanadhani uchangamfu unatokana na kurundika sifa. Lakini “shupavu, mchapakazi, mwenye maono” yanaweza kubandikwa kwa meneja yeyote wa kampuni yoyote. Isitoshe, sifa zikimwagwa mbele ya kundi zima, wenzako watazisoma kama maombi ya kupandishwa cheo. Kinachogusa moyo ni tendo moja la kweli ambalo wewe na yeye mnalijua. Tendo halihitaji kivumishi. Nayo ile keki iondoke: zawadi haiombwi kwa anayepongezwa, labda kama yeye mwenyewe ameanza utani huo.

Tukiyaweka pamoja, salamu yetu inaweza kuandikwa hivi:

“Bi. Mkurugenzi, heri ya siku ya kuzaliwa. Sisi wa idara ya uhasibu tunafurahi pamoja nawe. Usiku ule wa kufunga hesabu za mwaka ulikaa nasi mpaka saa tatu, ilhali ungeweza kwenda zako nyumbani. Tunalikumbuka mpaka leo. Mola akujalie afya, na siku yako iwe ya furaha pamoja na jamaa zako.”

Ni salamu yenye urefu unaokaribiana na ile ya kwanza. Haina sifa hata moja iliyotajwa kwa jina, lakini anayeisoma anajua kwamba huyu mkurugenzi hawatupi watu wake. Neno “ulikaa” limetumia -li- bila kudhuru, kwa kuwa linasimulia usiku mmoja. Cheo kinampa heshima na kisa kinamleta karibu.

Kwa mzee wa nyumbani, mizani hubadilika. Hapo jina la ukoo huleta heshima na mapenzi kwa pamoja, hivyo “Nyanya” au “Babu” halihitaji nyongeza. Tahadhari ni moja: “bibi” Pwani ni mama ya mzazi wako, lakini katika mazungumzo ya bara wengi hulisikia kama mke. Anayeandika “heri bibi yangu” kwenye kundi la watu mchanganyiko ajiandae kwa maswali. “Shikamoo” nayo ni mwanzo mzuri kwa mzee wa Pwani, ambaye ataijibu kwa marahaba. Kwa mzee wa bara asiyeizoea, inaweza kusikika kama salamu ya darasani.

Jihadhari pia na hesabu ya miaka. Kumtakia kijana afikishe miaka mia ni ukarimu. Kumwambia hivyo nyanya wa miaka 92 ni kumpimia minane. Vivyo hivyo msemo wa kula chumvi nyingi: husemwa vizuri kuhusu mzee kwa watu wengine, lakini akiambiwa yeye mwenyewe siku ya kuzaliwa, waweza kusikika kama kumkumbusha kwamba chumvi inakaribia kuisha. Mwombee siha njema, macho maangavu na usingizi mtamu. Hayo hayana kikomo.

Mwisho, kumbuka kwamba ujumbe wa mzee mara nyingi husomwa na mjukuu kwa sauti. Vifupisho vya simu na vijipicha vya keki havisomeki kwa sauti. Andika maneno kamili, sentensi fupi, kisha uyatamke mwenyewe kabla ya kuyatuma:

“Nyanya, shikamoo. Leo tumekukumbuka kwa furaha. Mahamri uliyotufundisha kukanda ndiyo tunayokula asubuhi hii. Mola akupe siha, nasi tutafika Jumamosi kukuamkia.”

Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko zote, kwa sababu ni ahadi. Anayeiandika sharti afike.