Kabla Mwisho Haujajulikana

Maalim haanzi kusoma insha kutoka juu. Huchukua kalamu yake ya risasi, aliyoichonga kwa kisu mpaka ikawa fupi kama kidole, akaenda moja kwa moja kwenye aya ya mwisho kutafuta mahali mwandishi alipoapa kwamba mambo yasingeweza kwenda vingine. Akipaona hupapigia mstari mwembamba, kisha hurudi mwanzo kuangalia uhakika huo umetoka wapi. Mara nyingi hakuti kitu. Alisomesha historia Unguja, akaja Maskati baada ya 1970 kama wengi wetu, na siku hizi wanafunzi wake ni wajukuu na watoto wa jirani wanaomjia Al-Khuweir na karatasi zao. Insha huandikwa kwa Kiarabu kwa ajili ya chuo, lakini ubishi wote huwa kwa Kiswahili.

Jioni niliyomkuta, mjukuu wake alikuwa ameandika juu ya kugawanyika kwa dola ya Sayyid Said. Alisema kwamba Sayyid alipofariki mwaka 1856 dola ilikuwa imeshafika mwisho wake; kwamba Oman na Unguja zilikuwa mbali mno kutawaliwa na mtu mmoja; na kwamba mgawanyiko wa 1861 haukuwa na budi kutokea. Ilikuwa insha safi. Ningempa alama nzuri.

“Kwani mwaka 1840 Unguja ilikuwa karibu zaidi?” Maalim alimuuliza.

Binti akacheka, halafu akanyamaza. Bahari ilikuwa ile ile. Kaskazi ilivuma ikashusha majahazi mpaka Unguja, kusi ikayarudisha, na kwa pepo hizo hizo Sayyid Said alitawala pande zote mbili kwa miaka mingi. Jambo lililokuwepo siku zote ambazo dola haikuvunjika haliwezi peke yake kueleza kwa nini siku moja ilivunjika. Umbali ulifanya mgawanyiko uwezekane. Aliyeuleta ni nani, na kwa nini wakati ule? Hilo insha haikuligusa.

Ndipo Maalim akamfanyia lile ninalolipenda kwake kuliko yote. Alimwambia aweke kidole mwanzoni mwa 1859, afunike kila kinachofuata, kisha amweleze mtu wa Matrah wa siku hizo alikuwa anajua nini na anangojea nini. Kazi hii ni ngumu kuliko inavyosikika, maana mkono unataka kuchungulia. Binti alianza, “Thuwaini, ambaye baadaye…” Maalim akagonga meza. Baadaye haipo. Akaanza tena, polepole.

Thuwaini yuko Maskati, ndugu yake Majid yuko Unguja. Baada ya baba yao kufariki palifanyika mapatano kwamba Majid apeleke Maskati riale 40,000 kila mwaka. Maskati inayahesabu malipo hayo kuwa ni kodi ya mtu aliye chini yake. Unguja haikubali kuwa chini ya mtu. Fedha zimekatika. Thuwaini anakusanya merikebu na watu, na mtu wa Matrah anaona kwa macho yake vyombo vikipakiwa. Je, mtu huyu anaamini kwamba dola imekwisha? Anaamini huenda mwaka huu ikarudishwa pamoja kwa nguvu. Majid naye huko kwake anajiandaa kwa vita, wala si kwa sababu anajua atashinda.

Kidole kikasogea kidogo. Thuwaini akatweka, Waingereza wakamkuta njiani wakamshawishi arudi na kuipeleka kesi yake kwa serikali yao ya India. Mwaka huo huo, ndani ya Unguja kwenyewe, ndugu yao Barghash akamwasi Majid akiwa na watu wazito nyuma yake, akashindwa kwa msaada wa Waingereza, akapelekwa Bombay. Kwa hiyo katika mwaka mmoja tu Unguja ingeweza kumwangukia Thuwaini, au Barghash, au kubaki kwa Majid. Ilibaki kwa Majid, na tarehe 2 Aprili 1861 Lord Canning wa serikali hiyo ya India akaamua kwamba Unguja isimame peke yake na iendelee kulipa Maskati zile riale 40,000 kwa mwaka.

Nikajaribu kumtetea binti. Si Sayyid Said mwenyewe aliyewaandikia Waingereza mwaka 1844 kwamba angependa mwanawe Khalid arithi Afrika na Thuwaini arithi Oman? Mgawanyiko ulikuwa kichwani mwa mwenye dola miaka kumi na saba kabla. Maalim alifurahi, maana hoja hiyo ina karatasi nyuma yake. Alikubali iingie kwenye insha, tena mapema. Lakini Khalid alikufa mwaka 1854, kabla ya baba yake, na Thuwaini hakuyachukulia matakwa hayo kuwa sheria. Barua ile inathibitisha kwamba kugawa dola kulifikiriwa. Haithibitishi kwamba kungefanikiwa.

Asije mtu akadhani Maalim anafundisha kwamba lolote lingeweza kutokea. Swali la “ingekuwaje kama” halipokei mpaka kuwe na mtu wa wakati ule aliyelishika jambo hilo mkononi. Msafara wa Thuwaini kufika Unguja ni swali halali, kwa kuwa palikuwa na merikebu na amri ya kutweka. Oman kuwafukuza Waingereza baharini ni ndoto tu. Na milango hufungwa kweli: mwaka 1862 Uingereza na Ufaransa zilitia saini kuheshimu uhuru wa Maskati na wa Unguja, na baada ya hapo kuziunganisha tena kulikuwa kugumu sana. Andika hivyo, anasema, ila utaje aliyeufunga mlango na tarehe aliyoufunga.

Binti akauliza kama si kila kitu kimeandikwa. Kimeandikwa, Maalim akamjibu, lakini si Thuwaini wala Majid aliyekisoma, na wewe unaandika habari zao wao.

Ustadi huu unatutoka. Vijana wanafundishwa kuanzia kwenye matokeo na kurudi nyuma wakiokota sababu zinazoyafaa, na msahihishaji anawapa alama. Sisi wazee ndio wabaya zaidi. Kaa kwenye baraza yoyote ya watu wa Unguja hapa Maskati uulize habari za 1964: wote walijua. Walijua tangu uchaguzi wa Julai 1963, ASP ilipopata kura nyingi kuliko wapinzani wake ikakosa serikali. Mama yangu mdogo naye hukwambia alijua. Lakini Disemba ile ile, siku za uhuru, nguo zake za harusi zilikuwa kwa fundi, na harusi ilikuwa imepangwa baada ya Ramadhani. Mapinduzi yakaingia siku chache kabla ya mwezi kuandama. Mtu anayejua hapeleki kitambaa kwa fundi. Mama mdogo hasemi uongo, ameshaukumbuka mwisho kwa muda mrefu hata umeingia ndani ya mwanzo.

Kwa sababu hiyo Maalim huithamini barua moja yenye tarehe ya 1963, hata ikiwa ya bei ya karafuu na salamu tupu, kuliko mazungumzo marefu ya leo na yule yule aliyeiandika. Barua haijui kitakachofuata. Nyingi zilibaki kwenye madroo ya nyumba za Unguja ambazo wenyewe hawakurudi kuzifungua. Zilizovuka hadi huku zinatupwa sasa, moja moja, kila familia inapohamia nyumba mpya Sib au Barka na watoto wanapokuta sanduku la karatasi za maandishi wasiyoweza kuyasoma.