Ishirini Ziliingia, Kumi na Saba Zikauzwa

Hesabu ya kwanza tuliifanya nyuma ya tiketi ya basi, tukitoka Eastleigh kurudi Garissa. Laptopu 20 kwa shilingi 300,000, yaani 15,000 kila moja. Mjini kwetu aina ile ilikuwa ikienda 26,000. Shemeji yangu, ambaye ndiye fundi, akazidisha, akatoa, akanionyesha faida ya 220,000. Miezi minne baadaye tulipofunga daftari, kilichobaki kilikuwa 61,500. Hatukuibiwa wala hatukupata ajali. Kosa lilikuwa kwenye ile tiketi, na ndilo ninalotaka kulifungua hapa.

Fungu lenyewe lilikuwa la HP EliteBook 840 G5, mashine zilizokwisha kutumika ofisini. Tuliichagua G5 tukaiacha G3, ingawa G3 ilikuwa rahisi zaidi, kwa sababu ya tarehe moja: 14 Oktoba 2025, siku Microsoft iliposimamisha masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10. G3 ina prosesa ya kizazi cha 6, na Windows 11 haiipokei rasmi. Mteja wa Garissa University anaweza asijue neno "kizazi", lakini rafiki yake anajua, na rafiki huyo huja naye dukani. Kuna mtego hata ndani ya G5: baadhi zilitoka kiwandani na i5-7300U, ambayo ni kizazi cha 7 na haimo kwenye orodha ya Windows 11. Kwa nje huwezi kuzitofautisha na zile zenye i5-8350U. Washa, andika `msinfo32`, soma mstari wa Processor. Tulifanya hivyo kwa zile zilizokubali kuwaka mbele ya muuzaji, tukabadilishiwa mbili.

Muuzaji alisema zote ni gredi A. Kwa wauzaji wengi wa jumla gredi hiyo ni ya sura: kifuniko hakina mikwaruzo, kona hazijabonyea. Haisemi lolote kuhusu betri wala bodi.

Nyumbani tulizipima moja moja, nusu saa kila moja. Betri hupimwa kwa amri hii:

```
powercfg /batteryreport
```

Ripoti inayotoka ina mistari miwili ya kulinganisha, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Betri ya G5 inapotoka kiwandani hubeba takriban 50,000 mWh. Ukikuta leo inajaa 31,000, imebaki na asilimia 62. Sisi tulibadilisha kila iliyokuwa chini ya 60. Lakini ripoti nayo hudanganya, kwa hiyo tuliacha kila mashine icheze video saa nzima bila chaja huku tukishughulikia nyingine. Moja iliyojisifu kwa asilimia 80 ilizimika ghafla dakika ya 25. Na kwa joto la Garissa usisahau kupitisha kidole kwenye padi ya kipanya: ikiwa imeinuka kidogo au haibonyei, mara nyingi betri iliyo chini yake imeanza kuvimba, na hiyo hutolewa siku hiyo hiyo, hata ikisoma vizuri namna gani.

Matokeo yalikuwa haya. Tisa zilitaka kufagiliwa vumbi, kuwekewa pesti mpya ya joto kwenye prosesa na kupakiwa mfumo upya, basi. Tano zilikuwa na betri mbovu. Mbili zilikuwa na skrini zenye madoa meupe, moja kibodi yake ilikufa safu nzima. Mbili bodi kuu zilikuwa zimekufa. Ya mwisho iliwaka, ikaomba nywila ya BIOS, na ikaishia hapo.

Hiyo ya nywila nitaisema haraka. Yako maduka ya kuzifungua. Sisi hatukufanya hivyo wala hatukuitoa spea, kwa sababu mashine iliyofungwa na ofisi inaweza kuwa imesahauliwa kufunguliwa, na inaweza pia kuwa ya wizi. Tulimwomba muuzaji nywila au karatasi za ilikotoka. Hadi leo hajaleta. Katika hesabu ni sifuri.

Zile mbili zilizokufa bodi, kinyume chake, ndizo zilizotuokoa. Kila moja ilikuwa na skrini safi, betri nzuri, RAM na SSD. Skrini zao zilikwenda kwa zile za madoa, kibodi ya moja ikaenda kwa ile iliyokosa, betri zao zikatibu mbili kati ya tano. Tukabakiwa na kununua betri tatu tu kwa 3,500 kila moja. RAM na SSD zilizobaki tulizithamini 7,000 kwa jumla. Hii ndiyo faida ya kununua fungu la aina moja. Lingekuwa mchanganyiko wa Dell na Lenovo, maiti hawa wawili wasingemfaa mtu.

Spea kwetu si suala la bei tu. Betri ya G5 haikai kwenye rafu za Garissa ikikungoja. Huagizwa Nairobi, ikasafiri kilomita zipatazo 370 kama pasel ya basi. Kwa hiyo tulipima zote kwanza, ndipo tukaagiza mara moja. Anayeagiza moja moja hulipa nauli ya pasel mara tatu na kusubiri mara tatu. Na si kila mara basi hufika: mafuriko ya Tana ya mwisho wa 2023, na tena ya Aprili 2024, yaliikata barabara upande wa Madogo, watu wakawa wanavuka kwa mashua.

Muda wa fundi ndio tulioudharau kupita vyote. Upimaji ulichukua saa 10, usafishaji na upakiaji saa 17, kubadilisha betri, skrini na kibodi saa sita na nusu. Halafu kuna saa sita ambazo shemeji alizimaliza juu ya zile bodi mbili, akitafuta sehemu iliyoungua. "Ngoja tu, iko karibu kuwaka," aliniambia siku mbili mfululizo. Haikuwaka. Kwa 250 kwa saa hizo ni shilingi 1,500 tu, lakini hasara halisi iko kwingine: wanafunzi walikuwa wamefungua muhula, pesa za HELB zimeingia, na mashine nzima zilikuwa bado zimelala kwenye katoni. Sasa kanuni yetu ni kwamba zisizo na ugonjwa hutangulia dukani, na bodi iliyokufa hupewa dakika 40, isizidi.

Sasa jumla. Fungu 300,000. Usafiri wetu na wa mzigo 10,000. Betri, chaja zilizokosekana na vitu vidogo 18,000. Kazi ya fundi 10,000. Tuliweka kando 8,500, yaani 500 kwa kila iliyouzwa, kwa ajili ya zitakazorudishwa ndani ya mwezi. Sehemu ya kodi ya duka kwa miezi minne 16,000. Ukijumlisha hayo na kutoa zile 7,000 za spea, ni 355,500. Gawanya kwa 17, si kwa 20. Kila laptopu iliyofika mkononi mwa mteja ilitugharimu karibu 20,900, na sisi tulikuwa tukiitaja kama ya 15,000.

Upande wa mauzo nao haukuwa 26,000 moja kwa moja. Tisa ziliuzwa bei hiyo wiki tano za kwanza. Kisha soko likatulia, tano zikaenda 24,000. Tatu za mwisho, ambazo vifuniko vyao vilikuwa vimechoka, ziliondoka kwa 21,000 mwezi wa nne, moja kwa mwalimu aliyelipa kwa awamu tatu. Jumla 417,000, wastani kama 24,500. Hatukopi kwa riba, kwa hiyo daftari halina mstari wa gharama ya pesa, lakini pesa iliyolala ina gharama yake: kwa miezi hiyo tulipitwa na fungu jingine kwa sababu mtaji ulikuwa umekaa rafuni.

Tuliamua bei ya fungu la pili ianzie mwisho, kwenye mauzo, irudi nyuma hadi kwa muuzaji wa jumla:

```
bei_ya_juu = wastani_wa_kuuza * sehemu_nzima + spea - gharama - faida
```

Kila kitu ni kwa laptopu moja iliyonunuliwa, si iliyouzwa. Wastani 24,500 mara 0.85 ni 20,825. Ongeza 350 za spea, toa 3,125 za gharama zote nje ya bei ya fungu: 18,050. Hapo hupati hupotezi. Ukitaka faida ya 3,000, bei ya juu ni 15,050. Kwa hiyo 15,000 tuliyolipa haikuwa mbaya; tuliipata kwa bahati.

Neno bahati silitumii ovyo. Mbovu tatu katika 20 ni asilimia 15, lakini fungu moja halikufundishi kiwango. Hata kama kiwango cha kweli ni hicho hicho 15, na kila mashine huharibika kivyake, takriban fungu moja katika 15 litakuwa na mbovu sita au zaidi, bila mtu yeyote kukudanganya. Na kusema kweli haziharibiki kila moja kivyake: zilizokaa ghala moja lililovuja huoza pamoja. Kwa hiyo tulipiga hesabu ya siku mbaya: nzima 14 katika 20, wastani wa kuuza 22,500, gharama zipande hadi 3,500, spea zifike 700 kwa sababu maiti ni wengi. Kikomo kinashuka hadi 12,950. Kwa bei ya 15,000 tungepoteza 41,000 katika fungu zima. Kwa 14,000 tungepoteza 21,000. Duka letu linaweza kustahimili hasara ya 21,000. Ile ya 41,000 ingetufungia mlango muhula unaofuata.

Kuna jambo moja halimo kwenye fomula ingawa linaigusa bei. Kila stakabadhi yetu inaandika aibu ya mashine: betri asilimia ngapi, skrini imetoka kwa nyingine, bawaba moja imelegea. Dini inatudai hivyo, na mteja akishaijua aibu huomba punguzo. Ndiyo sababu mojawapo wastani wetu ni 24,500 na si 26,000. Sababu nyingine ya kuiandika aibu ni kwamba aliyesoma stakabadhi harudi wiki ya pili na madai. Katika zile 17 ilirudi moja tu, feni, na ikatibiwa kwa feni ya maiti.

Mwezi uliopita tulikwenda tena Eastleigh. Muuzaji alitaka 16,500 kwa kila moja. Tukampa 14,000 na tukamwambia tutalipa 15,000 ikiwa atatuacha tuwashe zote hapo hapo. Akakataa yote mawili, tukapanda basi la usiku bila mzigo.