Mkia wa Kulia

Msomaji mzuri wa histogramu ya mapato haanzi na nguzo ndefu. Huanza chini, kwenye mstari wa shilingi, aone kila nguzo ina upana gani. Hapa Songea nimemtazama afisa takwimu mmoja akifanya hivyo kwa rula na penseli, bila haraka, na nimezidi kuiheshimu kazi hii.

Tuchukue kaya 100 za mfano. Kwa mwezi, kaya 22 zinapata chini ya laki 1; kaya 30 ziko kati ya laki 1 na 2; 20 kati ya 2 na 3; 12 kati ya 3 na 4. Kisha 8 kati ya 4 na 6, 5 kati ya 6 na 10, na 3 kati ya 10 na 20, tuseme wenye malori na maghala ya mahindi. Chini kuna sifuri, juu hakuna dari. Ndiyo maana mkia hurefuka kuelekea kulia.

Nguzo ya mwisho ina upana wa laki 10, kwa hiyo kimo chake ni 3 gawanya kwa 10, yaani kaya 0.3 kwa kila laki. Ukiichora kwa kimo cha 3, jicho litaona kaya 30, kwa kuwa idadi ya kaya imo katika eneo la nguzo.

Mediani ndiyo inayoligawa eneo lote la nguzo nusu kwa nusu. Nguzo ya kwanza imebeba kaya 22, zimebaki 28 kufika 50. Nguzo ya pili ina 30, basi penseli inaingia sehemu 28 kati ya 30 za upana wake, na kusimama karibu na shilingi 193,000.

Wastani ni pale ambapo mchoro wote, ukikatwa kwenye ubao, ungekaa sawa juu ya kidole. Zidisha katikati ya kila nguzo kwa kaya zake, jumlisha, gawanya kwa 100: shilingi 273,000. Kaya tatu za mwisho peke yake zimechangia laki 45 katika jumla ya laki 273. Theluthi mbili za kaya ziko chini ya huo “wastani”. Mwanya wa shilingi 80,000 kati ya alama hizo mbili ndio unaoonyesha mkia unavuta upande gani, na kwa nguvu kiasi gani.

Ninachokipenda zaidi ni pale afisa anapokataa kujibu. Nguzo ya mwisho ikiandikwa “laki 10 na zaidi”, haina katikati. Ukikisia laki 15, wastani ni 273,000. Ukikisia 25, unapanda hadi 303,000. Mediani haisogei hata shilingi. Hapo huandika mediani, na nafasi ya wastani huiacha wazi mpaka aletewe mapato halisi ya kaya zile tatu.