Jedwali la Maazimio: Pale Linapofaa na Pale Linapopotosha

Muhtasari wa kikao hapa kwetu una mpangilio ambao kila katibu anaujua: mahudhurio, kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, agenda za siku, mengineyo, kufunga. Kama kumbukumbu, mpangilio huo hauna kasoro. Kasoro huonekana kikao kinachofuata, kinapofika kwenye yatokanayo. Mwenyekiti anauliza kuhusu jambo fulani, katibu anafunua kurasa, wajumbe wanabishana nani alipewa kazi ile, na saa nzima inaishia hapo. Ndiyo maana makatibu wengi siku hizi hutanguliza jedwali la safu nne: mada, uamuzi, mhusika na tarehe ya mwisho. Jedwali hilo ni yatokanayo yaliyoandaliwa mapema. Lakini si kila kinachosemwa kikaoni kinaingia humo bila kuharibika.

Tuchukue kikao cha kamati ya maji ya kijiji, mfano niliouunda kwa kufuata vikao vya kawaida vya namna hiyo. Kimefanyika Jumamosi, tarehe 12 Aprili 2025. Katibu ameandika hivi kwenye agenda ya hali ya mradi:

"Wajumbe walijadili kwa kina suala la pampu. Fundi alieleza kuwa beringi zimekwisha na pampu inapiga kelele. Ilionekana ipo haja ya kununua beringi mapema iwezekanavyo na uongozi ulifuatilie. Aidha, koki za vituo namba 2 na namba 5 zinavuja, hivyo zishughulikiwe. Mapato ya Machi nayo yaangaliwe."

Kiswahili chake kimenyooka, na hakuna cha uongo. Ila hebu yasome ukiwa wewe ndiye fundi. Unanunua beringi, au unasubiri uletewe? "Uongozi" ni nani kati ya mwenyekiti, katibu na mhazini? "Mapema iwezekanavyo" ni kesho au mwezi ujao? Sasa tazama yale yale yakiwa kwenye jedwali:

| Na. | Mada | Uamuzi | Mhusika | Mwisho |
|---|---|---|---|---|
| 1 | Beringi za pampu | Zinunuliwe mbili, gharama isizidi Sh 180,000. Risiti ikabidhiwe kwa mhazini | Katibu | Jumatano, 23 Aprili |
| 2 | Kufunga beringi | Zifungwe usiku, baada ya vituo kufungwa | Fundi | Ijumaa, 25 Aprili |
| 3 | Koki za vituo 2 na 5 | Zibadilishwe kwa koki zilizopo stoo | Fundi | Alhamisi, 17 Aprili |
| 4 | Mapato ya Machi | Mauzo ya kila kituo yalinganishwe na usomaji wa mita. Taarifa ya maandishi iletwe kwa mwenyekiti | Mhazini | Jumatano, 30 Aprili |

Tuanze na safu ya uamuzi, maana ndiyo inayoharibika kwa urahisi zaidi. "Kuangalia mapato" hakuna mwisho. Mhazini anaweza kuyaangalia mwaka mzima na bado akawa ametii. "Taarifa ya maandishi iletwe kwa mwenyekiti" kuna mwisho, kwa sababu siku ya tarehe 30 taarifa ipo mezani au haipo. Uamuzi ulioandikwa vizuri humwezesha hata asiyehudhuria kikao kusema kama kazi imefanyika. Ndiyo sababu pia idadi ya beringi na kikomo cha fedha vimeandikwa: bila kikomo, katibu atapiga simu kutoka dukani kuomba idhini, au atanunua kwa bei yoyote na kuzua ugomvi.

Safu ya mhusika hubeba mtu mmoja kwa cheo chake. "Kamati", "wote" na "uongozi" hazimwamshi mtu yeyote asubuhi. Kazi ikihitaji watu wawili, kwa kawaida ni kazi mbili. Beringi zimegawanywa safu mlalo mbili kwa sababu hiyo: kununua ni kwa katibu, kufunga ni kwa fundi. Zingebaki pamoja, pampu ikiendelea kupiga kelele mwisho wa mwezi usingejua imekwama dukani au kwa fundi.

Tarehe nayo iandikwe pamoja na siku yake. Mjumbe mmoja angeweza kupendekeza beringi zinunuliwe ifikapo tarehe 21. Kwenye karatasi tarehe hiyo haina tatizo, lakini ukiandika "Jumatatu, 21 Aprili" unaona mara moja kwamba ni Jumatatu ya Pasaka na maduka mengi yamefungwa. Tarehe 23 inampa katibu siku mbili za kazi baada ya sikukuu, na fundi siku mbili baada ya hapo. "Kabla ya kikao kijacho" haitoshi, kwa sababu kikao kijacho huahirishwa, na kazi huahirishwa nacho.

Kinachofanya jedwali liwe na maana ni kulijaza kikao kikiwa bado kinaendelea. Kabla ya kufunga, katibu asome kila mstari kwa sauti: uamuzi, nani, lini. Mahali panapobaki wazi ndipo kikao hakijamaliza kazi yake, na wajumbe bado wapo kuimaliza. Katibu anayejaza nafasi hizo nyumbani usiku anawapangia watu kazi ambazo hawakuzikubali, na hilo hugundulika siku ya kuthibitisha muhtasari, wiki nyingi baadaye. Kwa hiyo jedwali likitumwa kabla ya muhtasari kuthibitishwa na kutiwa saini, juu yake liandikwe "rasimu".

Mpaka hapo jedwali limeshinda. Kamati yetu lakini ilikuwa na agenda nyingine mbili.

Ya kwanza ni bei ya maji. Ndoo ya lita 20 inauzwa Sh 30. Uniti moja ya mita ni lita 1,000, yaani ndoo 50, kwa hiyo kila uniti inaleta Sh 1,500. Wajumbe wengi walitaka ndoo iwe Sh 50, uniti ilete Sh 2,500, ili fedha za umeme na matengenezo zitoshe. Wawili walikataa. Kwa katiba ya chombo chao, bei hubadilishwa na mkutano mkuu wa watumia maji. Kamati inapendekeza tu. Katibu aliyekwisha kuzoea jedwali ataandika: Bei ya ndoo, ipande hadi Sh 50, mwenyekiti, Jumamosi 10 Mei.

Mstari huo umejaa vizuri, na ndio hatari yake. Mhudumu wa kituo akiuona ubaoni anaweza kuanza kutoza Sh 50 kesho yake asubuhi. Mwananchi anayekuja mkutano mkuu atadhani ameitwa kupigia makofi jambo lililokwisha. Na wale wajumbe wawili watasema, kwa haki kabisa, kwamba muhtasari umewafuta. Hapa panahitajika aya:

"Kamati inapendekeza kwa mkutano mkuu bei ya ndoo ya lita 20 ipande kutoka Sh 30 hadi Sh 50, kwa sababu mapato ya sasa hayatoshi kulipia umeme na matengenezo. Wajumbe wawili hawakukubali. Hoja yao ni kwamba wakati wa masika watu watarudi kwenye visima vya asili na mauzo yatashuka. Kamati ilikubaliana kwamba hoja hiyo iwasilishwe pamoja na pendekezo. Mpaka mkutano mkuu utakapoamua, bei inabaki Sh 30."

Sentensi ya mwisho ndiyo mhudumu anayoihitaji, na haikuwa na mahali pa kukaa katika zile safu nne. Sentensi ya tatu ndiyo mkutano mkuu utakayoijadili. Jedwali lina nafasi ya kilichoamuliwa. Halina nafasi ya sababu, pingamizi, wala hali itakayoendelea wakati tunasubiri.

Agenda ya pili ilikuwa shamba lililolimwa karibu na chanzo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Mahindi ya mkulima yalikuwa yamekwisha kurefuka. Kamati ilikubaliana naye avune msimu huu, asipande tena, na ikiwa atapanda suala liende serikali ya kijiji. Uamuzi huu una masharti ndani yake: jambo moja linafuata jingine likitokea, na jingine lisipotokea. Ukiukata ili uenee kwenye safu, utabaki na "mkulima aondoke", jambo ambalo hakuna aliyelikubali. Tena jina la mtu huyo likiwa kwenye jedwali la ubaoni, ataonekana mkosaji mbele ya kijiji ilhali amekwisha kuafikiana na kamati. Katika aya anatajwa kama mwenye shamba, na makubaliano yanasomeka kwa ukamilifu.

Dalili za kwamba mstari unataka kuwa aya ni rahisi kuziona. Ukijikuta unaandika "ikiwa", "isipokuwa" au "kwa sababu" ndani ya kisanduku, simama. Kisanduku cha uamuzi kikizidi mistari mitatu, simama vilevile. Kipimo kizuri zaidi ni kumpa mtu ambaye hakuwepo ausome, kisha umuulize kesho atafanya nini. Akijibu tofauti na kikao kilivyokusudia, jedwali limepotosha, hata kama kila neno lake ni kweli.

Huhitaji kuchagua moja na kuacha jingine. Tanguliza jedwali, kisha aya chini yake, na uache mstari wa kuunganisha. Kwa bei, mstari huo ungesomeka: "Haijaamuliwa; tazama aya A. Mkutano mkuu uitishwe. Mwenyekiti. Jumamosi, 10 Mei." Kuitisha mkutano ni kazi halisi yenye mtu na tarehe, kwa hiyo inastahili nafasi yake, huku mjadala wa bei ukibaki mahali pake. Ukituma kwa WhatsApp, usibandike jedwali kama lilivyo, kwa sababu safu huvurugika kwenye simu. Tuma faili la PDF, au geuza kila mstari uwe sentensi inayoanza na mhusika: "Fundi: badilisha koki za vituo 2 na 5, mwisho Alhamisi 17 Aprili." Kila mtu atatafuta cheo chake kwanza.

Kikao kinachofuata, jedwali lilelile linaongezewa safu ya hali: imefanyika, inaendelea, haijafanyika. Yatokanayo yanapita haraka, na hapo hujitokeza tabia moja ya kuangalia. Kazi isiyofanyika hupewa tarehe mpya, kisha nyingine, na jedwali linaendelea kuonekana nadhifu. Mstari ukisogezwa mara mbili, utoe kwenye jedwali na umwombe mhusika aeleze kwa aya kinachomzuia. Kama beringi hazijanunuliwa kwa sababu bei imepita Sh 180,000, tarehe ya tatu haitazinunua. Kikao kinahitaji kuisoma sababu hiyo na kubadilisha uamuzi wenyewe.