Nakala Nane za Safari ya Migori

Tuchukue mhitimu wa uhasibu anayetoka Homa Bay kwa matatu asubuhi. Atapitia Rodi Kopany na Rongo, ashuke Awendo kwenye ofisi mbili, kisha amalizie Migori mjini kwenye ofisi tatu. Wasifukazi wake una kurasa mbili. Abebe nakala ngapi?

Ofisi tano ni nakala tano. Aongeze mbili, maana masijala ikishachukua yake, huenda mkuu wa idara akaomba nyingine aisome papo hapo. Ya nane ni yake mwenyewe, ili akiulizwa tarehe asibabaike. Barua ya maombi huhesabiwa kivyake: mbili kwa kila ofisi, moja ibaki na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, arudi nayo. Barua ikipotelea huko ndani, muhuri huo wenye tarehe ndio utakaomtetea. Kwenye maonyesho ya ajira hali ni tofauti, kwa kuwa waajiri wengi wako ukumbi mmoja na wengine hutangazwa siku hiyo hiyo. Hapo ningebeba nakala 20 za wasifukazi, bila barua.

Karatasi ya kawaida ya rimu, gramu 80 kwa mita ya mraba, inatosha ikichapishwa upande mmoja. Ya gramu 100 hupendeza mkononi, lakini pesa ikiwa kidogo ningeitumia kutafuta saiba yenye printa nzuri ya leza. Printa nyingi za wino hutoa maandishi yanayovuja yakiguswa na jasho au manyunyu. Tona ya leza ni unga wenye plastiki ndani yake, nao huyeyushwa kwa joto ukashikamana na karatasi, kwa hiyo maji hayaitoi. Kabla ya kulipia nakala zote, chapisha moja, lowesha kidole, usugue jina lako. Likitapakaa, huo ni wino. Likibanduka kama masizi hata kwa kidole kikavu, ni leza ambayo joto lake halitoshi, ondoka.

Faili mhudumu aichapishe ikiwa PDF, karatasi ikiwekwa `A4`. Ikiwa `Letter`, ukurasa unaweza kupunguzwa au mistari ya mwisho ikakatwa.

Kuna kosa moja linaloharibu kazi hii yote, na wachache hulijua. Tona haivumilii plastiki laini ya PVC. Vilainisho vilivyomo ndani ya plastiki hiyo huilainisha tona, na nakala zikikaa kwenye folda siku nyingi, au zikibanwa ndani ya gari lenye joto, herufi huhamia kwenye jalada. Folda ya PVC huwa laini, hunata vidoleni na hunuka plastiki ikiwa mpya. Chagua ya polipropilini, ambayo ni kavu zaidi na huchakarisha ikikunjwa. Ukikosa, weka karatasi tupu juu na chini ya nakala, na kila seti uitie kwenye bahasha ya kaki ya ukubwa wa A4 bila kuikunja, jina la ofisi likiwa limeandikwa tayari.