Ukuta wa Saa Tisa Usiku: Jinsi ya Kuzitambua Kliki za Roboti

Tuchukue kampuni ndogo ya Moshi inayouza safari za Kilimanjaro. Mwezi wa Julai inatangaza kupitia Google Ads kwa wateja wa Ujerumani, na siku ya kawaida hupata kliki 50 hivi. Jumanne moja ripoti inaonyesha 430. Mwenye kampuni anafurahi, kisha anatazama simu: hakuna aliyepiga, hakuna aliyejaza fomu, na bajeti ya wiki nzima imekwisha.

Mkaguzi mzoefu hafurahi wala hashtuki akiona namba kama hiyo. Anachotaka kuona ni umbo la ongezeko, kwa hiyo anaipasua siku ile saa kwa saa. Wageni wa kweli wakimiminika, huwa kuna sababu iliyowaleta: makala gazetini, kipindi cha televisheni, mtu maarufu aliyetaja jina la kampuni. Kliki zao hupanda haraka, hufika kileleni, kisha hushuka polepole hadi kesho yake. Pia huacha alama pembeni: watu zaidi hutafuta jina la kampuni, na ujumbe wa WhatsApp huongezeka. Roboti hujenga ukuta. Kliki huanza ghafla, hubaki katika kimo kimoja, na hukatika mara moja, mara nyingi kwa sababu fedha zimekwisha.

Katika mfano wetu, kliki 360 ziliingia kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri. Hapa wengi huteleza kwa sababu ya saa. Kwenye skrini zimeandikwa `03:00` na `05:00`, na ripoti hufuata ukanda wa saa uliochaguliwa akaunti ilipofunguliwa, si saa ya mteja. Ikiwa akaunti iko kwenye saa za Afrika Mashariki, Ujerumani wakati wa kiangazi iko nyuma kwa saa moja. Kwa hiyo swali la kweli ni hili: Wajerumani 360 walikuwa wakitafuta safari za mlimani kati ya saa nane usiku na saa kumi alfajiri? Kama tangazo lingelenga California, saa zilezile zingekuwa za jioni yao, na tuhuma ingepungua sana.

Google Ads haishuki chini ya kipimo cha saa. Kumbukumbu za seva ya tovuti, zile ambazo fundi anayehifadhi tovuti anaweza kuzitoa, zinaonyesha hadi sekunde. Kliki zinazolipiwa hutambulika humo kwa alama ya `gclid` kwenye anwani ya ukurasa:

```
03:10:04 GET /kilimanjaro?gclid=...
03:10:24 GET /kilimanjaro?gclid=...
03:10:45 GET /kilimanjaro?gclid=...
```

Kliki tatu kila dakika, kwa saa mbili mfululizo. Binadamu hawaji hivyo. Huja wawili kwa pamoja, kisha kimya cha dakika saba, kisha mmoja. Mpangilio ukiwa nadhifu kupita kiasi, mkaguzi ana haki ya kuutilia shaka.

Jambo la pili ni mahali. Kati ya kliki hizo 360, programu ya takwimu ya tovuti iliona ziara 250 tu: 140 kutoka Ashburn, 70 kutoka Boardman, na 40 kutoka Ujerumani. Ashburn iko Virginia, Marekani, katika eneo lenye mmojawapo wa mikusanyiko mikubwa kabisa duniani ya vituo vya data. Boardman ni mji mdogo wa Oregon wenye wakazi elfu chache, nao una vituo vya data. Mji mdogo ukileta wageni wengi kuliko jiji kubwa, mara nyingi hao ni seva. Huenda mtu mmoja mmoja akaonekana huko kwa kuwa anatumia VPN, lakini watu 210 katika saa mbili ni jambo jingine.

Tangazo la Ujerumani lilifikaje Marekani? Kwa kawaida mlango huachwa wazi na mpangilio wa mahali unaoitwa `Presence or interest`, ambao hujumuisha hata watu wasiokuwapo katika nchi iliyolengwa, mradi mfumo unaona wana hamu nayo. Mpangilio wa `Presence` huufunga mlango huo kwa sehemu kubwa.

Tahadhari moja kwa wanaotangaza hapa nyumbani. Simu nyingi huingia mtandaoni kupitia mitambo ya kampuni ya simu, kwa hiyo mteja aliyeko Singida anaweza kuhesabiwa kuwa yuko Dar es Salaam, na simu nyingi zinaweza kuonekana na anwani moja ya IP. Hilo si wizi. Anayezuia anwani hiyo kwa hasira anaweza kuwa anawafungia nje wateja wake mwenyewe.

Kisha kuna ziara za sekunde sifuri, na hapa ndipo uamuzi mwingi hukosewa. Google Analytics ya zamani ilipima muda kwa tofauti kati ya ukurasa wa kwanza na tukio lililofuata. Aliyesoma ukurasa mmoja kwa dakika kumi na kuondoka aliandikiwa sifuri. Toleo la sasa, GA4, hupima muda ambao ukurasa uko mbele ya macho ya mtumiaji, lakini hata hapo sifuri ina maelezo yasiyo na hatia: mtandao mzito uliomchosha mgeni, au kidole kilichogusa tangazo kwa bahati mbaya katikati ya mchezo. Kwa hiyo sifuri hulinganishwa na kawaida ya tovuti yenyewe. Ikiwa siku za kawaida theluthi moja ya ziara za kampuni yetu ni sifuri, na usiku ule ni 247 kati ya 250, tofauti hiyo haielezwi na mtandao mzito.

Zile 110 ambazo takwimu hazikuziona zina uzito wake. Kumbukumbu za seva zinaonyesha ziliomba ukurasa peke yake, bila picha wala faili nyingine zinazoufuata. Kivinjari cha mtu huvuta vyote.

Wapo wezi wanaozipita dalili hizi zote. Desemba 2016 kampuni ya White Ops ilifichua mtandao ulioitwa Methbot. Kiongozi wake, Mrusi Aleksandr Zhukov, na wenzake walikodi seva zaidi ya 1,900 huko Dallas na kwingineko, wakazipa anwani za IP zilizosajiliwa kwa udanganyifu ili zionekane kuwa kompyuta za majumbani Marekani. Roboti zao zilisogeza kipanya, zilishuka ukurasa, zilianzisha video na kuikatiza katikati. Mahakama ya Brooklyn ilimfunga Zhukov miaka 10 mwezi Novemba 2021. Mbele ya roboti za aina hiyo, muda na mahali havisaidii sana. Kinachobaki ni kuuliza kama wageni hao wamewahi kununua chochote.

Kabla ya kulalamika, mwenye kampuni afungue safu ya `Invalid clicks`. Google huchuja sehemu ya kliki za ulaghai na haizitozi, na idadi yake iko hapo. Kisha aangalie tangazo lilionekana kwenye tovuti na programu gani. Ikiwa 300 kati ya 360 zimetoka tovuti moja asiyoijua, aizuie tovuti hiyo siku hiyohiyo, kwa maana huenda mwenye tovuti ananufaika na kliki hizo. Hatimaye apeleke dai kwa Google pamoja na tarehe, saa, anwani za IP na mistari ya `gclid`. Asichelewe: Google hushughulikia kliki za siku 60 zilizopita tu.