Mti Unaojifunza kwa Kucheza Ovyo

Mchezo wa kete nne mfululizo una ubao uliosimama wima wenye safu 7, kila safu ikipokea kete 6. Wachezaji wawili hupokezana kudondosha kete, na anayetangulia kupanga nne kwenye mstari mmoja, uwe wima, mlalo au mshazari, ndiye mshindi. Programu ninayotaka kuisifu haijui lolote kuhusu mchezo huu zaidi ya sheria hizo. Haina mbinu, haina hesabu ya nafasi nzuri na mbaya, lakini inacheza kwa akili.

Njia yake ya kwanza kabisa inachekesha. Ikitaka kujua kama safu ya tatu inafaa, inadondosha kete hapo, kisha inaucheza mchezo hadi mwisho kwa kuchagua safu ovyo kwa pande zote mbili. Inaandika nani kashinda, inafuta ubao, inarudia mara elfu kadhaa. Safu yenye wastani mzuri wa ushindi ndiyo inayochezwa.

Sasa tazama inapoanguka. Tuseme safu ya tatu inampa mpinzani nafasi ya kushinda papo hapo, ila kwa jibu moja tu kati ya 7. Mpinzani anayecheza ovyo atalikosa jibu hilo mara 6 kati ya 7, na kwingine kote sisi tunapeta. Wastani unasema safu ya tatu ni nzuri. Ongeza majaribio yafike milioni, wastani utasema hivyo hivyo, kwa sauti kubwa zaidi. Mpinzani wa kweli ataliona jibu lake mara moja.

Tiba ni kutunza kumbukumbu kwa mpangilio wa mti. Kila hali ya ubao inakuwa nodi, na kila nodi inabeba namba mbili tu: imepitiwa mara ngapi, na imeshinda mara ngapi. Kila jaribio linaanzia kwenye shina, linashuka tawi kwa tawi kwenye hali zinazojulikana, linaongeza nodi moja mpya, linacheza ovyo kutoka hapo hadi mwisho, kisha linapanda na matokeo likisahihisha namba za kila nodi lililopitia.

Ufundi uko kwenye kushuka. Levente Kocsis na Csaba Szepesvári walipendekeza mwaka 2006 kwamba kila njia panda ichaguliwe nodi yenye thamani kubwa ya:

```
w/n + c * sqrt(ln(N)/n)
```

Hapa `w` ni ushindi wa nodi, `n` ni mara ilizopitiwa, `N` ni mara alizopitiwa mzazi wake, na `c` huwekwa karibu na 1.4. Nusu ya kwanza inapenda kinachoshinda. Nusu ya pili inakumbuka kilichosahaulika.

Tuseme mzazi kapitiwa mara 100. Mtoto wa kwanza kashinda 36 kati ya 60, wa pili 15 kati ya 30, wa tatu 4 kati ya 10. Ukikokotoa unapata takriban 0.99, 1.05 na 1.35. Zamu ni ya yule wa tatu, mwenye wastani duni kuliko wote! Hajapewa muda wa kutosha kuhukumiwa. Lakini subira hiyo ina mpaka: akishindwa mara tano mfululizo, anashuka chini ya wa pili na zamu inahama.

Rudi kwenye mtego wetu. Nodi za mpinzani nazo zinachagua hivyo hivyo, kwa faida yake. Lile jibu la hatari linashinda kila likijaribiwa, kwa hiyo majaribio yanarundikana juu yake, na wastani wa safu ya tatu unaporomoka wenyewe. Hakuna aliyeiambia programu kwamba kuna mtego. Mtego ukiwa wa hatua nyingi na njia yake nyembamba, majaribio yanaweza kwisha kabla haujaonekana, na huo ndio udhaifu wake mkubwa.

Muda ukiisha, huchezwa safu iliyopitiwa mara nyingi zaidi. Wastani mkubwa peke yake hautoshi, maana nodi iliyopitiwa mara mbili ikashinda zote mbili ina asilimia 100 isiyo na uzito wowote.

Kosa linalowapata wengi ni kusahau kwamba ushindi wa mmoja ni hasara ya mwenzake, hivyo `w` ya kila nodi lazima ihesabiwe kwa jicho la aliyecheza hatua ya kuifikia. Programu yenye kosa hili haivunjiki. Inacheza tu kama inayomhurumia mpinzani. Kwa hiyo ukiandika ya kwako, kabla hujagusa ile 1.4, iwekee ubao ambao mpinzani ana kete tatu mfululizo na nafasi moja ya kumalizia. Isipoziba, kagua alama zako za kujumlisha na kutoa.